Mota Inayowashwa Kila Mara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Joto Lake

Nasuka mota hapa Malindi, na nyingi zinazoletwa kwangu ni za pampu za maji. Wenye mota huniuliza maswali yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya pamoja. Karibu yote nitayajibu kwa mota moja: ya fezi tatu, kilowati 2.2, iliyokuwa ikisukuma maji katika gesti moja yenye bustani kubwa. Niliisuka mara mbili kabla sijatia akili ya kwenda kuiona inapofanyia kazi.

## Mota yangu haifanyi kazi hata nusu ya saa katika saa nzima. Kwa nini inaungua?

Mwenye gesti aliniuliza hivyo hivyo, na alikuwa na haki ya kuuliza. Ukisimama kando ya pampu yake ulisikia mota ikinguruma sekunde 12, halafu kimya sekunde 18, halafu tena. Kwa saa nzima hiyo ni dakika 24 za kazi na 36 za kupumzika. Mota imepewa uwezo wa kufanya kazi mchana kutwa bila kusimama, seuze dakika 24!

Jibu limo ndani ya hiyo saa. Mota ile ilikuwa inawashwa mara 120. Kila inapowashwa kuna nusu sekunde na kitu ambapo mkondo unaoingia si ule ulioandikwa kwenye kibati. Unakuwa mara sita hivi, na katika mota nyingine hata mara saba au nane. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo, huongezeka kwa mkondo zidisha mkondo. Kwa hiyo mkondo wa mara sita unaleta joto la mara 36.

Basi nusu sekunde ile ni fupi kwa saa ya ukutani, lakini kwa koili ni ndefu sana.

## Kwani mota inapoanza kuna nini hasa?

Mota ikiwa imesimama na umeme ukaingia, koili za nje zinajenga sumaku inayozunguka kwa kasi yake kamili papo hapo. Rota bado imetulia. Tofauti ya kasi kati ya sumaku na rota ndiyo inayosukuma mkondo ndani ya rota, na hapo tofauti ni kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Mkondo wa rota ukiwa mkubwa, wa koili za nje nao unakuwa mkubwa, na unabaki juu karibu muda wote mpaka rota inakaribia kasi yake ya kawaida. Ukitazama klampu mita yenye uwezo wa kushika mkondo wa kuanzia, hutaona ukishuka polepole. Unakaa juu, halafu unaporomoka ghafla mwishoni.

Feni nayo imefungwa kwenye shafti ile ile. Wakati joto linazalishwa kwa wingi kuliko wakati wowote, feni ndiyo kwanza inaanza kuzunguka.

Upande wa rota kuna jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. Ili kuifikisha rota na kila kilichofungwa nayo kwenye kasi kamili, nguvu inayobaki ndani ya hayo mavyuma yanayozunguka inalingana na nguvu inayogeuka kuwa joto ndani ya rota. Ukitia kiasi fulani kwenye mwendo, kiasi kama hicho kimechomeka. Hiyo ni pale ambapo mota inaanza bila mzigo. Mzigo ukiwepo tangu mwanzo, joto linazidi.

Kuhusu koili, nimepiga hesabu ya waya wa shaba unaobeba ampea 6 kwa kila milimita mraba katika kazi ya kawaida. Ukiupa mara sita ya hapo, unapanda karibu digrii 8 kila sekunde. Kuanza kwa sekunde 0.6 kunauongeza kama digrii 5. Digrii 5 si kitu, zinasambaa kwenye chuma na kutoka nje kupitia mapezi ya bodi. Lakini ukiongeza 5 nyingine kabla zile za kwanza hazijatoka, na nyingine, na nyingine, zinapandana.

Kwa kiwango hicho hicho unaelewa pia kwa nini mota iliyokwama huungua upesi. Ikiwa koili ilikuwa digrii 100, sekunde 10 za kukwama zinaifikisha 180.

## Hiyo asilimia ya kazi inayoandikwa kwenye kibati maana yake nini?

Ni muda wa kufanya kazi ukigawanywa kwa mzunguko mzima wa kazi na kupumzika. Sekunde 12 kati ya 30 ni asilimia 40. Kwenye vibati vingi utaona herufi S na namba.

`S1` ni kazi ya mfululizo. Mota nyingi za pampu madukani ni hizi. Kibati kinaahidi kwamba kwa mzigo kamili, katika hewa isiyozidi digrii 40, inaweza kwenda mpaka joto lake litulie na isidhurike. Hakikuahidi kitu kuhusu kuiwasha na kuizima.

`S2` ni kazi fupi, kwa mfano dakika 30, kisha ipumzike mpaka ipoe kabisa.

`S3` ni kazi ya vipindi, na ndipo watu wanapokosea. Kibati kikisema `S3 40%`, mzunguko wake usipotajwa huhesabiwa dakika 10, yaani dakika 4 kazi na 6 kupumzika. Tena kwa maana yake yenyewe, `S3` ni kazi ambayo kule kuanza hakuongezi joto la kuhesabika. Huwezi kuchukua asilimia 40 ya dakika 10 ukaigeuza kuwa asilimia 40 ya nusu dakika.

Kazi ambayo kuanza kwenyewe kunaleta joto inaitwa `S4`, na ikiwa na breki ya umeme inaitwa `S5`. Kibati cha `S4` hakitoshelezwi na asilimia, kinataja pia uzito unaozungushwa, kwa sababu huo ndio unaoamua kila kuanza kunagharimu joto kiasi gani.

Mota ya gesti ilikuwa `S1`, ikafanyishwa kazi ya `S4`. Hakuna mtu aliyekosea kuichagua. Kazi ndiyo iliyobadilika baadaye, na sababu yake iko mbele.

## Nitapigaje hesabu kujua kama mota yangu inavuka mpaka?

Unahitaji namba tano: ampea za kibati, ampea inazovuta kweli ikiwa kazini, ampea za kuanzia, sekunde inazochukua kufika kasi kamili, na muda wa kuwaka na kuzima.

Muda wa kuanza ni mfupi, jicho haliushiki. Mimi naweka simu irekodi video ya polepole, nikilenga shafti na kioo cha klampu mita kwa pamoja. Kwa mota ya gesti nilipata hivi: kibati ampea 4.7, kazini 4.2, kuanzia 27, na muda wa kuanza sekunde 0.6.

Sasa tuhesabu joto kwa pointi. Pointi ni ampea zidisha ampea zidisha sekunde.

```
Kuanza:   27 x 27 x 0.6     = 437
Kazi:     4.2 x 4.2 x 11.4  = 201
Jumla kwa mzunguko mmoja    = 638
```

Itazame hiyo kidogo kabla hatujaendelea. Sekunde 0.6 za kuanza zimeleta joto mara mbili ya sekunde 11.4 za kusukuma maji.

Hatua ya pili ni kupoa. Sekunde 12 za kuzunguka tunazihesabu zote, kwa sababu feni inapuliza. Sekunde 18 za kusimama tunazihesabu robo tu, yaani 4.5. Jumla ni sekunde 16.5 za kupoa.

```
638 / 16.5          = 38.7
Kipeuo cha pili cha 38.7 = ampea 6.2
```

Yaani koili zinahisi kama zimebebeshwa ampea 6.2 mfululizo, na kibati kinaruhusu 4.7. Kwa joto, 38.7 gawanya kwa 22.1 (ndiyo 4.7 mara 4.7) ni 1.75. Mota ambayo kwa mzigo kamili hupanda digrii 80 juu ya hewa, hapa itataka kupanda 140. Ongeza hewa ya digrii 31 ya siku ya kaskazi ndani ya kibanda cha pampu, unafika 171. Koili zake zilikuwa na uhami wa daraja F, ambao mwisho wake ni 155.

Hesabu hii inachukulia kwamba joto lote linatokana na mkondo. Kuna joto la chuma na la msuguano ambalo halifuati kanuni hiyo, kwa hiyo usiichukue 171 kana kwamba umeipima kwa kipimajoto. Ichukue kama jibu la swali la ndiyo au hapana. Ampea 6.2 dhidi ya 4.7 si jambo la kubishaniwa.

## Kwa nini muda wa kupumzika unahesabiwa robo? Si ndio wakati wa kupoa?

Ingekuwa hivyo kama mota ingekuwa na feni yake ya pembeni inayozunguka muda wote. Mota zilizofungwa tunazotumia zina feni kwenye shafti, chini ya kofia ya nyuma. Mota ikisimama, feni imesimama, na joto linabaki kutoka kwa hewa inayojipandia yenyewe. Kwa mota iliyofungwa, kanuni ya kazi ni robo. Kwa ile iliyo wazi, hewa ikipita ndani, huchukuliwa theluthi.

Mwambao wetu una la kuongeza hapa. Vumbi, chumvi na majani yakiziba matundu ya ile kofia, au mapezi yakifunikwa na matope, hata zile sekunde za kuzunguka hazipoozi ipasavyo. Kibanda cha mabati kisicho na dirisha, mchana wa Februari, hewa ndani yake inaweza kupita 40. Kibati kimeahidi mpaka 40, kwa hiyo kila digrii ya juu ya hapo inakatwa kwenye zile 80.

## Mbona jirani yangu ana pampu kama yangu, asilimia ya kazi sawa, na yake haiungui?

Swali hili ndilo lililonipeleka mpaka gesti, kwa sababu mwenyewe alikuwa akimtaja jirani yake.

Pampu yake ilisukuma lita 100 kwa dakika. Gesti, pamoja na bustani, ilitumia kama lita 40 kwa dakika saa za asubuhi. Ukigawa 40 kwa 100 unapata asilimia 40. Asilimia ya kazi imeshaamuliwa na matumizi ya maji. Ukubwa wa tangi la presha haubadilishi hata moja.

Tangi linaamua jambo jingine, nalo ni kwamba hiyo asilimia 40 imekatwa vipande vingapi.

Tangi lake la presha lilikuwa la lita 300. Presha swichi iliwasha pampu kwenye baa 2 na kuizima kwenye baa 3.5. Tangi la namna hiyo likiwa na hewa ya baa 1.8, linatoa kama lita 93 kati ya kuzima na kuwasha. Kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika, lita 93 zinakaa sekunde 140. Pampu ikiwaka, lita 60 za ziada kila dakika zinaingia tangini, linajaa kwa sekunde 93. Mzunguko mzima ni sekunde 233, kama mara 15 kwa saa.

Hewa yake ilikuwa imetoka. Nilibonyeza ncha ya vali juu ya tangi, ile inayofanana na ya tairi la baiskeli, yakatoka maji. Mpira wa ndani ulikuwa umetoboka na tangi limejaa maji, halina tena nafasi ya kubonyea. Lilikuwa linatoa lita 12 tu. Lita 12 kwa matumizi yale ni sekunde 18, na kuzirudisha ni sekunde 12. Asilimia ni 40 ile ile, lakini sasa mara 120 kwa saa.

Tuhesabu tangi likiwa zima, mpira haujatoboka:

```
Kuanza:   437
Kazi:     4.2 x 4.2 x 92.4   = 1630
Jumla                        = 2067
Kupoa:    93 + 140/4         = 128
2067 / 128                   = 16.1
Kipeuo cha pili              = ampea 4.0
```

Ampea 4.0 dhidi ya 4.7 za kibati. Joto litapanda kama digrii 58, na kwa hewa ya 31 unafika 89. Mota ni ile ile na asilimia ni ile ile. Upande mmoja koili ziko kwenye 89, upande wa pili zinatafuta 171.

## Basi mwisho ni mara ngapi kwa saa?

Hakuna namba moja ya mota zote, lakini unaweza kuitafuta ya mota yako kwa hesabu ile ile, ukiigeuza.

Kwa mota ya gesti, katika saa moja: sekunde 1,440 za kazi, na 2,160 za kusimama ambazo robo yake ni 540. Jumla ya kupoa ni 1,980. Zidisha kwa 22.1, unapata pointi 43,758 zinazoruhusiwa. Kazi ya kusukuma maji inakula 25,402. Zinabaki 18,356 za kuanzia. Kila kuanza ni 437, kwa hiyo unaishia kama mara 42.

Mimi sifiki 42. Hesabu imetazama koili tu. Rota nayo ina mpaka wake, volteji yetu haitulii, na kontakta nayo inachakaa kila inapogonga. Kwa mota kama hii naishia mara 20, na kitabu cha mtengenezaji kikitaja namba ndogo zaidi, hiyo ndiyo naifuata.

Pia kuna mpaka wa kuwasha mfululizo, tofauti na wa saa nzima. Kwa mota za kawaida kanuni ni mara mbili mfululizo ikiwa imepoa, au mara moja tu ikiwa imetoka kazini na moto wake. Fundi anayejaribu pampu mara tano haraka haraka ili ishike maji tayari ameuvuka.

## Nina ovalodi kwenye kontakta. Kwa nini haikukata?

Kwa sababu ovalodi haiko ndani ya mota. Ni kibapa cha metali mbili ndani ya boksi, kinapashwa na mkondo na kupinda. Kimepangwa kisikate wakati wa kuanza. Ile ya daraja 10, kwa mkondo wa mara 7 na kidogo, hukata ndani ya sekunde 10 ikiwa baridi. Sekunde 0.6 haitaiona.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kibapa ni chepesi. Kinapoa kwa dakika chache, na mota yenye kilo nyingi za chuma inachukua muda mrefu zaidi, hasa ikiwa imesimama. Ovalodi inasahau joto ambalo koili bado zinalikumbuka. Kwenye gesti ilikuwa inakata mara moja moja, na mtumishi akaizungusha kutoka 4.7 hadi 6 ili wageni wasikose maji. Simlaumu, hakuna aliyemweleza ile skrubu ni ya nini. Lakini kuanzia hapo mota haikuwa na mlinzi.

Kinachofaa kwa mota ya kuwashwa mara nyingi ni thamista, vidonge vidogo vitatu vinavyofungwa ndani ya koili zenyewe, kimoja kila fezi. Vikifika joto vilivyopangiwa, ukinzani wao unaruka ghafla na rilei inakata. Vinapima koili, havibahatishi. Ikiwa mota yako inasukwa upya, mwambie fundi azitie wakati huo huo, kwa sababu baadaye haziwezekani.

## Nikiweka softi stata au sta-delta, nitaweza kuwasha mara nyingi zaidi?

Watu wengi wamenunua kwa tumaini hilo. Vifaa hivyo vinapunguza mkondo wa kuanzia, na vinasaidia nyaya, jenereta na mabomba. Lakini vinapunguza pia nguvu ya kuzungusha, kwa hiyo kuanza kunachukua muda mrefu zaidi. Mkondo ukiwa mdogo kwa muda mrefu, koili haziokoi nyingi. Na rota haiokoi chochote: joto linalolingana na nguvu ya mwendo litazalishwa tu, uifikishe kasi kwa nusu sekunde au kwa sekunde tano. Mzigo ukiwepo, kuchelewa kunaongeza.

Ndiyo maana pia volteji ndogo inaumiza mota inayowashwa sana. Volteji ikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuzungusha inabaki 81 kati ya 100.

Kifaa kinachobadilisha hesabu yenyewe ni invata. Hicho kinaanza na sumaku ya kuzunguka polepole na kuiongeza kidogo kidogo, rota ikifuata nyuma kwa karibu. Ile tofauti kubwa ya kasi haitokei kabisa, mkondo haupandi mara sita. Kwa pampu ya gesti ingefaa sana, maana ingepunguza kasi badala ya kuzima. Lakini kwanza badilisha mpira wa tangi. Ni rahisi kuliko invata mara nyingi.

## Nitajuaje joto la koili bila kuifungua mota?

Mkono hautoshi. Bodi ya mota ikifika digrii 60 hivi huwezi kuishika zaidi ya sekunde chache, na 60 kwa bodi si hatari. Tena kwa mota inayowashwa kila mara, bodi inadanganya zaidi, maana joto limeingia ghafla kwenye shaba na bado halijafika nje.

Pima ukinzani wa shaba. Shaba ikipata moto ukinzani wake unaongezeka kwa kiwango kinachojulikana.

Asubuhi, mota ikiwa imelala usiku kucha, kata umeme, funga swichi kuu kwa kufuli, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha pima kati ya waya mbili za mota. Toa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Andika na joto la hewa. Halafu iache ifanye kazi yake ya kila siku, na kuwaka na kuzima kwake kote, kwa saa mbili au zaidi mpaka joto litulie. Kata umeme kwa utaratibu ule ule na upime waya zile zile ndani ya sekunde 30. Ukichelewa, koili zinakuwa zimeanza kupoa.

Baada ya kuisuka mara ya pili nilipata 5.6 asubuhi, hewa ikiwa 29. Wakati huo tangi lilikuwa bado bovu, na sikusubiri saa mbili, nilizima baada ya dakika 40 tu. Nikapata 7.5.

```
T = (R moto / R baridi) x (235 + T baridi) - 235
T = (7.5 / 5.6) x (235 + 29) - 235 = 119
```

Digrii 119 kwa dakika 40, na bado inapanda. Kwa hewa ya 31, imepanda 88. Daraja B linaruhusu kupanda 80, F 105, H 125, kwa hewa ya mpaka 40. Ilikuwa bado ndani ya F, lakini kwa mwendo ule isingekaa. Nilizima palepale nikaenda kutazama tangi.

Kumbuka kwamba kipimo hiki ni wastani wa koili nzima. Katikati ya nafasi za chuma kuna sehemu yenye moto zaidi. Na kila digrii 10 juu ya mpaka hupunguza umri wa uhami karibu nusu, ndiyo maana mota ya namna hii haifi siku moja. Inakaa wiki kadhaa, halafu inakufa usiku mmoja bila sababu inayoonekana.

## Imeshaungua. Nitatambuaje kwamba ni kuwashwa kila mara?

Fungua kifuniko utazame vichwa vya koili. Zikiwa zimeiva zote tatu sawasawa, nyeusi pande zote, ni joto la mota nzima: mzigo mkubwa, kupoa kubaya, au kuwashwa mno. Ikiwa fezi moja au mbili zimeungua na nyingine ziko safi, tafuta fezi iliyokatika, usilaumu tangi.

Kisha itoe rota. Rota ya mota iliyowashwa mno mara nyingi ina rangi ya samawati kama chuma kilichotiwa moto, na ukiichunguza pale fito zinapokutana na pete ya mwisho unaweza kukuta ufa. Rota ya namna hiyo usiifungie koili mpya. Itavuta mkondo mbaya na kukurudishia mota mezani.

## Na mota za fezi moja?

Kanuni ni zile zile, na kuna cha kuungua kabla ya koili. Kapasita ya kuanzia huwa imetengenezwa kwa mara 20 hivi kwa saa, sekunde chache kila mara. Pampu ndogo nyingi za majumbani zina kikata joto kinachojirudisha chenyewe. Ukisikia pampu imezima maji yakiwa bado hayajafika presha, na baada ya robo saa ikawaka yenyewe, hicho ndicho kilichofanya kazi. Ilikupa ishara.

## Tangi la presha nalikagua vipi?

Zima pampu, fungua bomba maji yote yatoke mpaka geji isome sifuri. Sasa pima hewa kwenye vali kwa geji ya tairi. Iwe pungufu ya baa 0.2 kuliko presha ya kuwashia pampu: inawaka kwa 2, basi hewa 1.8. Ukipima maji yakiwa bado ndani na presha, utasoma presha ya maji na kudhani hewa ipo. Kosa hili nimelikuta mara nyingi.

Vali ikitoa maji, mpira umetoboka. Ikitoa hewa kidogo, ijaze na uipime tena baada ya wiki. Kwa kujua ukubwa unaofaa, zidisha lita tangi linazotoa kwa 4, ugawe kwa lita pampu inazosukuma kwa dakika. Jibu ni dakika za mzunguko mfupi kuliko yote, ule unaotokea matumizi yakiwa nusu ya uwezo wa pampu. Kwa gesti ni 93 zidisha 4 gawanya 100, dakika 3.7, yaani hata siku mbaya kuliko zote haitapita mara 16 kwa saa.

Tulitia mpira mpya, nikairudisha ovalodi kwenye 4.7, nikakaa chini ya mwembe wao na saa mkononi kuhesabu. Asubuhi ile, bustani ikimwagiliwa, iliwaka mara 15 kwa saa.